Maswali ya Baiolojia, Kidato cha 4: Kingamwili na Seli Kumbukumbu Baada ya Chanjo

Muda: dakika 50. Alama: 25. Jibu maswali yote.

Kingamwili ni protini. Zinaelea kwenye damu na hazigawanyiki. Seli kumbukumbu ni seli hai. Nyingi hukaa kwenye tezi za limfu na wengu. Katika kila jibu sema unazungumzia kipi. Ukiandika "kinga" peke yake, hupati alama.

1. Mtoto wa miezi 9 amechomwa chanjo ya surua na rubela katika kituo cha afya mjini Gulu.
(a) Panga hatua hizi kwa mfuatano sahihi: (alama 2)
P: seli plazma zinamwaga kingamwili;
Q: seli B yenye kipokezi kinachooana na antijeni inainasa;
R: seli za dendriti zinabeba antijeni hadi kwenye tezi ya limfu;
S: seli B, zikisaidiwa na seli T, zinagawanyika mara nyingi.
(b) Seli plazma na seli kumbukumbu zinaachana njia baada ya hatua ipi? Eleza kazi ya kila moja. (alama 2)

2. Takwimu hizi zimetungwa kwa zoezi hili. Mtu alipata dozi ya 1 siku ya 0 na dozi ya 2 siku ya 180.

| Siku | Kingamwili (vizio kwa mililita) |
|---|---|
| 0 | 0 |
| 5 | 0 |
| 14 | 20 |
| 180 | 2 |
| 185 | 60 |
| 194 | 160 |
| 257 | 95 |

(a) Linganisha siku 5 za kwanza baada ya kila dozi. Tofauti imetoka wapi? (alama 3)
(b) Mwanafunzi ameandika: "Siku ya 180 chanjo ilikuwa imeisha nguvu." Mpinge kwa kutumia jedwali. (alama 2)
(c) Kingamwili za aina ya IgG hupungua kwa nusu takriban kila siku 21. Kama hakuna zilizokuwa zikitengenezwa tena baada ya siku ya 194, zingebaki ngapi siku ya 257? Onyesha hesabu. (alama 2)
(d) Kipimo halisi cha siku hiyo ni 95. Ni seli gani inayoeleza tofauti hiyo, na inakaa wapi? (alama 3)

3. Virusi vya homa ya ini B huchukua siku 60 hadi 150 kabla ya dalili kutokea. Pepopunda huleta dalili mara nyingi ndani ya siku 3 hadi 21, na kinachodhuru ni sumu ya bakteria.
(a) Kwa nini mtu aliyechanjwa dhidi ya homa ya ini B anaweza kubaki salama hata kingamwili zake zikishuka sana? (alama 2)
(b) Seremala ambaye hajawahi kuchanjwa amekanyaga msumari wenye udongo. Anachomwa kingamwili zilizo tayari upande mmoja wa mwili na chanjo ya pepopunda upande mwingine. Kila sindano inampa nini ambacho nyingine haimpi? (alama 4)

4. Mtoto mchanga hupokea kingamwili za mama kupitia kondo la nyuma. Kwa nini hazimpi kinga ya kudumu, na zinawezaje kuidhoofisha chanjo ya surua ikitolewa mapema mno? (alama 3)

5. Chanjo ya DPT huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi na ina chumvi ya alumini ya kuamsha kinga. Kichupa kikiganda, kwa nini hata kikiyeyushwa kinatupwa? (alama 2)

Mwongozo wa kusahihisha

1. R, Q, S, P. Njia zinaachana baada ya S: seli plazma hutengeneza kingamwili, seli kumbukumbu hungoja antijeni irudi.

2. (a) Mara ya kwanza seli B zinazofaa ni chache, lazima ziongezeke kwanza. Mara ya pili seli kumbukumbu ni nyingi na huitikia haraka. Mwanafunzi akiandika "seli kumbukumbu zilimwaga kingamwili", mkate alama 1: kwanza hugeuka seli plazma. Kosa hili ndilo linalojirudia zaidi, msilipitishe.
(b) Kingamwili zilishuka hadi 2, lakini zilipanda hadi 60 ndani ya siku 5. Seli kumbukumbu zilikuwepo.
(c) 63 ÷ 21 = 3; 160 → 80 → 40 → 20.
(d) Seli plazma za muda mrefu, kwenye uboho, bado zinatengeneza. Jibu "seli kumbukumbu" halipati alama.

3. (a) Seli kumbukumbu zina muda wa kutosha kuzalisha kingamwili kabla ugonjwa haujakomaa.
(b) Kingamwili zilizo tayari hukamata sumu papo hapo, ila huisha baada ya wiki au miezi michache na haziachi kumbukumbu. Chanjo huchelewa, lakini seli B zake mwenyewe hufunzwa. Atahitaji dozi zinazofuata.

4. Mtoto amepewa protini. Seli B zake hazikufunzwa, na protini hizo huvunjwa. Zikiwa bado nyingi huvifunga virusi dhaifu vya chanjo kabla havijazaliana, hivyo seli kumbukumbu chache huundwa.

5. Chembe za alumini hugandamana na hazirudii hali yake. Chanjo huchochea kinga kidogo mno, hivyo kingamwili na seli kumbukumbu zote hupungua.