Yah: Ombi la kuongezewa muda wa kuwasilisha ripoti ya maendeleo, Januari–Juni 2026

Paje, Unguja
6 Julai 2026

Ndugu Ofisa wa Ruzuku,

Salamu kutoka Paje. Ripoti yetu ya nusu mwaka inatakiwa ikufikie tarehe 15 Julai. Naomba utuongezee muda hadi Ijumaa, tarehe 7 Agosti.

Sababu ni kosa letu katika kupima mavuno. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikijumlisha madaftari ya vikundi sita, niliona vikundi viwili vimeandika karibu mara nane ya wenzao kwa idadi ileile ya kamba. Nikaenda kuwauliza akina mama. Wakanieleza kwamba masika yalipoanza mwani ulikuwa haukauki, wakaamua kuupima palepale ufukweni ukiwa mbichi. Vikundi vinne viliendelea kupima mkavu. Fomu niliyowagawia ina safu moja tu, "kilo", na haiulizi ni mbichi au mkavu. Fomu hiyo niliitengeneza mimi. Tena nilipaswa kukagua madaftari kila mwezi, na tangu Machi sikuyakagua, kwa kuwa nilishikwa na ununuzi wa chanja za kuanikia. Akina mama hawana lawama yoyote katika hili.

Jumla iliyopo sasa ingeonyesha kwamba tumevuka lengo la mwaka mzima ndani ya miezi sita. Siwezi kuitia saini.

Mwani huvunwa maji yakitoka sana, kwa hiyo marekebisho haya yanafuata bamvu. Katika bamvu la tarehe 14 hadi 17 Julai tutapima mavuno ya vikundi vile viwili yakiwa mabichi, tuyaanike, kisha tuyapime tena yakishakauka, ili tupate uwiano wa mwani wetu wenyewe. Halafu tutalinganisha na stakabadhi za mnunuzi, ambaye hununua mkavu tu. Vipimo vikipishana sana, tutarudia katika bamvu la mwezi mpevu, kuanzia tarehe 29. Ndiyo maana nimeomba tarehe 7 Agosti na si mapema zaidi.

Ripoti ya fedha haikuguswa na kosa hili, na nimeiambatisha pamoja na stakabadhi zake. Nimeambatisha pia kurasa za madaftari kama zilivyo, bila kufuta kitu.

Najua awamu ya pili ya fedha hutolewa ripoti ikishakubaliwa. Ikichelewa, tutasogeza mafunzo ya kilimo cha maji ya kina kutoka Agosti hadi Septemba. Vikundi vimeshaarifiwa na vimeridhia. Fomu mpya, yenye safu mbili, imeanza kutumika tarehe 1 Julai.

Kama taratibu zenu haziruhusu kuongeza muda, nitaleta ripoti tarehe 15 na kueleza humo kwamba takwimu za mavuno bado zinahakikiwa. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya tarehe 14, siku tunayoanza kupima.

Samahani kwa usumbufu huu.

Wako mtiifu,

Mratibu wa mradi wa mwani
Kwa niaba ya vikundi sita vya wakulima, Paje