Bajeti ya upotevu wa mwanga: kiungo cha faiba Tanga–Muheza, 10 Gb/s

Hesabu hii inahusu jozi moja ya nyuzi za aina ya G.652.D katika kebo iliyofukiwa kando ya barabara ya Segera–Tanga, kutoka chumba cha mitambo cha Tanga mjini hadi kituo cha Muheza. Lengo lake ni kuthibitisha, kabla ya ununuzi, ni moduli gani itakayofanya kazi katika swichi za pande zote mbili. Urefu uliotumika ni kilomita 36.8, ambao ni urefu wa uzi wenyewe kama ulivyosomwa na OTDR, pamoja na mizunguko ya akiba iliyoachwa kwenye mashimo ya maungio. Urefu wa barabara haufai kwa kazi hii kwa sababu mwanga unasafiri ndani ya uzi, wala haufuati alama za kilomita.

Kebo ililetwa kwa magurudumu ya kilomita 4, hivyo njia nzima ilihitaji magurudumu kumi na maungio tisa kati yake. Kila mwisho una splaisi moja inayounganisha kebo na mkia wa paneli. Aidha, kebo iliwahi kukatwa na kutengenezwa kwa kuingizwa kipande kipya, na kipande kimoja huleta splaisi mbili, si moja, jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Jumla ni splaisi 13. Konekta huhesabiwa kwa jozi, yaani pale ncha mbili zinapokutana ndani ya adapta: kila kituo kina paneli ya kebo na paneli ya rafu ya swichi, hivyo jozi ni nne. Ncha inayoingia kwenye moduli yenyewe haikuhesabiwa, kwa kuwa nguvu ya kutuma hupimwa baada ya waya fupi wa kuunganishia.

Kwa urefu wa wimbi wa nanomita 1550, hali mbaya na hali nzuri zimekadiriwa hivi:

```
                 mbaya                  nzuri
uzi      36.8 x 0.22 =  8.10    36.8 x 0.19 = 6.99
splaisi    13 x 0.10 =  1.30      13 x 0.04 = 0.52
konekta     4 x 0.50 =  2.00       4 x 0.20 = 0.80
jumla (dB)             11.40                  8.31
```

Moduli ya 10GBASE-ER, inayouzwa kama ya kilomita 40, inatuma si chini ya -4.7 dBm na inahitaji kupokea angalau -15.8 dBm, kwa hiyo inavumilia desibeli 11.1 tu. Upotevu wa hali mbaya unaizidi kwa desibeli 0.3 hata kabla ya kuweka akiba yoyote. Kilomita zilizoandikwa kwenye kifungashio zisimdanganye mnunuzi: kiwango chenyewe kinataka viungo vya ER vinavyozidi kilomita 30 visanifiwe kwa upekee, na njia yenye splaisi na paneli nyingi hivi haimo katika uwezo wake.

Moduli ya aina ya ZR iliyopendekezwa inatuma kati ya 0 na +4 dBm, na kupokea kati ya -24 na -7 dBm. Uwezo wa desibeli 24 ni mwingi, na hapo ndipo hatari ya pili inapojitokeza, kwa sababu moduli yenye nguvu kubwa ikikutana na hali nzuri itafikisha -4.31 dBm, yaani mwanga mwingi kuliko kipokezi kinavyoruhusu. Kwa hiyo kipunguza mwanga cha desibeli 5 kiwekwe upande wa kupokea, Tanga na Muheza, ili hali nzuri ishuke hadi -9.31 dBm. Hali mbaya itakuwa -16.40 dBm, ikibakiza desibeli 7.60 juu ya kikomo cha chini. Tukitoa desibeli 2 kwa mtawanyiko wa mapigo na desibeli 3 kwa matengenezo ya baadaye na uchakavu, inabaki akiba halisi ya desibeli 2.60. Kiungo kinakubalika kwa moduli ya ZR.

Moduli mbili za ZR zisiunganishwe moja kwa moja kwa waya mfupi wakati wa majaribio mezani bila kipunguza mwanga, kwani kipokezi kinaweza kuharibika.

Kabla ya kuwasha huduma, kila uzi upimwe kwa chanzo cha mwanga na kipima nguvu katika nanomita 1550 kwa pande zote mbili, na ukubaliwe iwapo upotevu hauzidi desibeli 11.40 bila vipunguza mwanga. Splaisi ambayo wastani wake wa pande mbili kwa OTDR unazidi desibeli 0.15 ichomelewe upya, maana kipimo cha upande mmoja hupotosha nyuzi mbili zisizolingana zinapokutana. Ncha zote zikaguliwe kwa hadubini na kusafishwa kwanza. Baada ya kuwasha, nguvu ya kupokea isomwe kwa amri `show interfaces transceiver` na kuandikwa kwenye kumbukumbu ya kiungo. Thamani iwe kati ya -9.3 na -16.4 dBm.