Mjomba, maandishi mapya ya chaneli haya hapa

Shikamoo mjomba. Kazi uliyonipa nimeimaliza. Hapa chini kuna maandishi ya sehemu ya kuhusu chaneli yako ya YouTube, kisha maneno ya utafutaji. Mwambie binamu ayanakili kama yalivyo, nukta na mkato vyote. Nimeeleza pia kwa nini nimeondoa mambo mawili matatu, maana najua utauliza.

Kwanza hebu tuangalie yaliyopo sasa hivi. Nayanukuu ili tuelewane: "Karibuni sana kwenye chaneli yetu namba moja kwa elimu, burudani, ujasiriamali na mengine mengi. Usisahau kutufuata na kubonyeza kengele." Mjomba, mtu akisoma hapo hatajua kama wewe ni fundi cherehani, mchekeshaji au muuza vifaranga. Neno cherehani halimo hata mara moja! Na hayo "mengine mengi" ndiyo yanayotuumiza, kwa sababu mgeni hakuja kutafuta mengine mengi. Amekuja na shida moja, cherehani imemgomea na sare za shule zinadaiwa Jumatatu.

Haya ndiyo mapya:

> Cherehani inaruka, inakata uzi au inakula uzi chini ya kitambaa? Hapa tunaifungua na kuitengeneza ukiona.
>
> Chaneli hii ni ya kutengeneza na kutunza cherehani tu: za kukanyaga (Singer, Butterfly na za aina hiyo), za umeme za nyumbani, na ovaloki. Kukata na kushona nguo hatufundishi.
>
> Fundi yuko Msamvu, Morogoro, na yuko kwenye kazi hii tangu 1994. Kila video ni ugonjwa mmoja wa cherehani moja iliyoletwa na mteja: utaona inavyokosea, tutatafuta chanzo, kisha tutashona kitambaa uone tofauti. Isipopona, tutasema haijapona.
>
> Ni kwa fundi nguo aliye mbali na fundi cherehani, kwa anayejifunza ushonaji, na kwa aliyerithi cherehani ya bibi na hajui aanzie wapi.
>
> Video mpya kila Jumamosi jioni. Ukiuliza kwenye maoni, taja aina ya cherehani, namba ya sindano na kitambaa unachoshona. Tunajibu kwa Kiswahili.

Kisanduku kinapokea herufi 1000, nafasi zikihesabiwa, na haya yamebaki chini ya hapo. Kwa hiyo mkitaka kuongeza sentensi, nafasi ipo kidogo, lakini naomba msiongeze.

Sentensi ya kwanza ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Mtu akifungua chaneli yako kwenye simu, chini ya jina anaona maneno machache tu ya mwanzo, mengine yamefichwa mpaka abonyeze. Ya kwako ya zamani yaliishia kwenye "Karibuni sana kwenye chaneli yetu namba moja". Salamu ni jambo jema, mjomba, umenilea hivyo, lakini hapo inakula nafasi ya kitu pekee ambacho mgeni angekisoma. Ndiyo maana nimeanza na ugonjwa.

Na magonjwa hayo sikuyatunga. Unakumbuka zile siku mbili nilizoshinda karakanani na daftari, ukanicheka kwamba naandika hesabu za watu? Nilikuwa naandika neno la kwanza analotamka mteja akishatua cherehani yake mezani. Hakuna hata mmoja aliyesema mshono una hitilafu. Walisema inaruka. Inakata uzi. Inakula uzi chini. Imekuwa nzito. Mama mmoja alisema inatafuna kitambaa, na ulipoigeuza meno yalikuwa yamejaa vumbi la pamba lililogandamana kama ugoro. Anayesema "inaruka" mlangoni kwako ndiye huyohuyo anayeandika "cherehani inaruka" kwenye simu usiku. Tukiandika kwa Kiswahili cha mtihani tutampita bila kuonana.

Hapo kwenye "isipopona, tutasema haijapona", usinifutie. Video yako ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Butterfly ya yule mama wa sare, ulipohangaika na uzi wa juu, ukalegeza, ukakaza, ukabadilisha bobini, bado inaruka. Kisha ukachomoa sindano, ukaipapasa kwa kidole, ukacheka mwenyewe: upande wake bapa ulikuwa umegeukia huko uzi unakoingilia, mfereji mrefu uko nyuma. Umeigeuza tu, mshono ukanyooka. Fundi mwingine angekata hiyo sehemu ya kuhangaika, aonekane aligundua mara moja. Wewe uliiacha, na kwenye maoni watu wanaishukuru sehemu hiyohiyo. Tabia hiyo ni ya chaneli, kwa hiyo nimeiandika mapema ili mgeni ajue anakuja kwa fundi wa namba gani.

Mwaka 1994 nimeuweka badala ya "uzoefu wa miaka mingi". Miaka mingi kila mtu anayo. Ukiandika miaka thelathini, baada ya muda inakuwa uongo na hakuna atakayekumbuka kuirekebisha, ila mwaka ulioanza kazi hauchachi.

Sasa lile la gauni. Najua video ya binti yako akikata gauni la mshazari ndiyo imetazamwa kuliko zote, na najua utasema tungewaambia watu kwamba tunafundisha na kushona. Nimelifikiria sana hilo. Waliokuja kwa gauni wakirudi Jumamosi wanakuta umefungua ovaloki, mafuta mpaka kwenye kiwiko, wanaondoka. Kwenye maoni ya video zako za cherehani sijaona hata mmoja wao. Video yenyewe ibaki, haina kosa, na binti akitaka chaneli yake ya mitindo nitamwandikia ya kwake bure. Ila kwenye maelezo haya nimeandika wazi kwamba kushona hatufundishi. Sentensi hiyo itafukuza watu, na ni sawa wafukuzike.

Namba ya simu nimeitoa. Ulilalamika mwenyewe kwamba mtu alikupigia saa saba usiku kuuliza bei ya mkanda. Biashara waandike barua pepe, ina sehemu yake palepale kwenye ukurasa wa wasifu, haihitaji kukaa ndani ya maelezo. Kiungo cha ramani ya karakana kiwekwe kwenye viungo, tena kiwe cha kwanza, kwa kuwa ndicho kinachoonekana bila mtu kubonyeza zaidi.

Maneno ya utafutaji ni haya. Yote kwa mkupuo, mkato kati ya moja na jingine:

```
fundi cherehani, kutengeneza cherehani, cherehani inaruka, cherehani inakata uzi, cherehani inakula uzi, cherehani nzito, cherehani ya kukanyaga, cherehani ya umeme, cherehani singer, cherehani butterfly, butterfly JA2-1, charahani, cherahani, chereani, bobini, sindano ya cherehani, mafuta ya cherehani, ovaloki, overlock, overlock nyuzi tatu, sewing machine repair, fundi cherehani Morogoro
```

Mwisho wake ni herufi 500, hapo zimebaki kama mia. Msizijaze.

Utaona nimeandika charahani, cherahani na chereani. Sijakosea. Watu wanaandika wanavyotamka, na Mkenya mara nyingi ataandika cherahani bila kujiuliza. Ndani ya maelezo tumetumia cherehani peke yake ili tuonekane watu tuliosoma, lakini huku nyuma ambako hakuna anayesoma, tupokee kila tahajia. Kiingereza nacho kimeingia kidogo kwa ajili ya anayetafuta kwa Kiingereza wakati Kiswahili anakielewa vizuri zaidi. JA2-1 imo kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye vitabu na maboksi ya zile Butterfly nyeusi, na mwenye nayo akikwama huinakili hiyo namba.

Yaliyokuwemo nimeyafuta yote. Mjomba, nani aliweka simba, yanga, bongo fleva na "pesa mtandaoni"? Sitaki kujua. Kuvuta watu kwa maneno yasiyohusu video ni kosa kwa sheria za YouTube zenyewe, na hata kama wasingekamata, shabiki wa Yanga aliyekuja kutafuta magoli akakuta unapima mvutano wa uzi atakaa sekunde ngapi?

Nikuambie ukweli pia ili usije ukanidai: haya maneno ya nyuma nguvu yake ni ndogo. Kinachofanya kazi kubwa ni kichwa cha video, picha yake, na mtu kukaa akaitazama. Maneno haya yanasaidia tu pale tahajia inapopinda na pale chaneli inapojieleza ni ya nini. Ndiyo maana nimetumia siku mbili kwenye sentensi ya kwanza na nusu saa kwenye orodha hii. Ukisikia mtu anauza "orodha ya siri ya maneno" kwa elfu hamsini, mpe pole na umrudishe alikotoka.

Kwa hiyo vichwa vya video navyo vifuate. Ile ya juzi mmeiita "Leo ni balaa, usikose!!!" Iiteni "Cherehani ya kukanyaga imekuwa nzito: chanzo na tiba". Nyingine tutazipitia pamoja, ziko kama arobaini, tuanze na kumi mpya.

Pa kubandika: binamu aingie YouTube Studio kwa kompyuta, si kwa simu. Maelezo yanaingia `Customization`, kisha `Profile`, kwenye `Description`. Maneno ya utafutaji yako kwingine kabisa, watu wengi huyakosa: `Settings`, kisha `Channel`, kisha `Basic info`, kwenye `Keywords`. Hapohapo kuna nchi, ihakikishwe ni Tanzania. Akimaliza abonyeze kuchapisha kule, na kuhifadhi huku. Mara ya mwisho alisahau tukakaa wiki nzima tukidhani imebadilika.

Kisha afungue chaneli kwa simu ya mtu mwingine, si yako, asome yanayoonekana chini ya jina. Yakianza na "Cherehani inaruka", tumefika. Yakianza na "Karibuni sana", nipigieni.

Mwanao.