Jibu kwa mgeni wa Leicester: chumba cha pauni 450 na kazi ya kulea wazee

Karibu sana mdogo wangu, na pole kwa baridi. Nakujibu usiku huu huu kwa sababu umesema kesho asubuhi unatuma hela ya chumba cha pauni 450 ambacho hujakiona.

Usitume. Huyo anayejiita mwenye chumba, anayekwambia yuko Uskochi, na kwamba ufunguo utakuja kwa posta ukishalipa pauni 900, hana chumba. Mwaka niliofika nililipa hivyo hivyo, pauni 600 za akiba ya mama. Nikaenda na begi langu, nikagonga, akafungua mama mmoja na mtoto mgongoni. Nyumba ni yao, picha zimeibwa tu. Nililia barabarani. Kwa hiyo usilipie chumba ambacho hujaingia kwa miguu yako, ukafungua bomba la maji ya moto, ukatazama pembe za dari kama kuna ukungu.

Ukipata cha kweli, jua kwamba Uingereza tangu 2019 amana ya nyumba ya kawaida haizidi kodi ya wiki tano, na ya kukushikia chumba haizidi ya wiki moja. Mwenye nyumba ana siku 30 za kuiweka amana kwenye mfuko ulioidhinishwa na serikali. Muulize ni mfuko gani, mkweli hasiti. Ila ukipanga chumba kwa mtu anayeishi humo humo, sharti la mfuko halimhusu, basi dai risiti ya maandishi.

Kuhusu hao wanaotaka pauni 300 za "usajili" wakupeleke kulea wazee: wakala haruhusiwi kumtoza mtu hela kwa kumtafutia kazi. Namba ya bima ya taifa nayo inaombwa bure kwenye GOV.UK, na unaweza kuanza kazi kabla haijafika. Hapo hapo utatoa share code, yaani namba ya siri ya kumwonyesha mwajiri au mwenye nyumba kwamba viza yako inakuruhusu: ya kazi huanza na W, ya kupanga huanza na R. Usizichanganye, wengi wamerudishwa kwa hilo.

Kwa viza yako ya digrii, muhula ukiendelea ni saa 20 kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, kazi zote zikijumlishwa. Na nakusihi, usikodi akaunti ya mtu kupeleka chakula kwa baiskeli. Kujiajiri hakuruhusiwi kwa viza ya mwanafunzi, na ukikamatwa unapoteza masomo yote ambayo wazazi wameyalipia.

Anza kutafuta Narborough Road, utatembea hadi chuo kikuu cha De Montfort. Ukizidiwa na upweke, nenda Belgrave Road. Wapo wazee wa Kihindi waliotoka Kampala na Mombasa, ukiwaamkia "shikamoo" wanaitikia.

Rafiki unayelala kwake anakuhitaji utoke Ijumaa? Mwombe akuvumilie hadi Jumapili. Jumamosi sina zamu, nitakuja saa nne asubuhi tuvikague vyumba pamoja.