Mzigo wa raba umerudi: pea 48, kuanzia Ijumaa saa 4 asubuhi

Wateja wetu, habari za jioni. Mzigo mliokuwa mnauulizia tangu Julai umefika Dar Jumanne kwa ndege kutoka Dubai, umefunguliwa na kukaguliwa pea moja moja. Zimekuja pea 55. Watu 11 walikuwa wameandikisha majina mapema, tukawapigia wao kwanza: 7 wamelipia, 4 wameahirisha. Zinazobaki ni 48, nazo zinaanza kuuzwa Ijumaa tarehe 12 Septemba, saa 4 kamili asubuhi. Hesabu mtakazoziona hapa ni za hizo 48. Hakuna pea iliyowekwa pembeni ili itolewe baadaye ionekane imepatikana kwa bahati.

Bei ya kila pea ni ileile mpaka mzigo uishe. Haitapanda Jumamosi wala haitashuka Jumatatu. Kitakachobadilika ni saizi zilizopo, na hapo ndipo pa kuwahi.

Air Force 1 '07 nyeupe yote, namba ya modeli CW2288-111, shilingi 380,000. Pea 18: saizi 40 pea 2, 41 pea 3, 42 pea 4, 42.5 pea 3, 43 pea 3, 44 pea 2, 45 pea 1. Hii raba imeanza mwaka 1982 na nyeupe yake inatengenezwa muda wote, kwa hiyo ukiikosa safari hii hujaikosa moja kwa moja. Oda nyingine tumeshaiweka na tunaitegemea katikati ya Novemba. Kama hela ya Septemba ina kazi nyingine, subiri Novemba bila wasiwasi. Mwenye sababu ya kuwahi ni anayevaa 42 mpaka 43 na anaihitaji kabla ya Novemba. Mzigo wa Juni saizi hizo ziliisha siku mbili, wakati 45 ilikaa rafuni wiki tano.

Adidas Samba OG nyeupe yenye mistari myeusi na soli ya kahawia, B75806, shilingi 350,000. Pea 12: saizi 40 pea 2, 40 2/3 pea 2, 41 1/3 pea 3, 42 pea 2, 42 2/3 pea 2, 43 1/3 pea 1. Nayo imo kwenye oda ya Novemba. Wanaovaa 43 1/3 wajue ni pea moja tu na hatukuweza kupata zaidi. Muuzaji wetu alikuwa na saizi ndogo nyingi na kubwa chache.

Nike Dunk Low nyeupe na nyeusi, ile inayoitwa Panda, DD1391-100, shilingi 340,000. Pea 8: 41 pea 1, 42 pea 2, 42.5 pea 2, 43 pea 2, 44 pea 1. Pea mbili kati ya hizi, moja ya 42 na moja ya 43, maboksi yake yamebonyea kona safarini. Raba zenyewe ni nzima na hazijaguswa. Hizo mbili ni 320,000, na picha ya boksi utatumiwa kabla ya kulipa. Dunk bado hatujaiagiza tena. Tutaamua mwezi ujao baada ya kuona hizi zimekwendaje.

Vans Old Skool nyeusi na nyeupe, VN000D3HY28, shilingi 240,000. Pea 6: 41 pea 1, 42 pea 2, 43 pea 2, 44 pea 1. Hii hupatikana kirahisi, usijinyime usingizi.

Ya mwisho ndiyo tofauti. Air Jordan 4 Bred Reimagined, FV5029-006, shilingi 850,000. Pea 4, kila saizi moja: 42, 42.5, 43 na 44. Ilitoka Februari 2024, ikiwa na ngozi laini mahali pa nubaki ya ile ya 1989. Siyo raba ya kila siku kiwandani, hivyo pea zinazozunguka sasa zinatoka kwa watu waliozihifadhi, na bei wanapanga wao. Sisi tulipata nne kwa bei tuliyoweza kuilipa, na hatuna mpango wa kuitafuta tena mwaka huu. Huenda ukaipata kwa muuzaji mwingine, na ukiipata kwa bei nzuri chukua. Kwetu zikiisha, zimeisha.

Kwa anayetaka kuinunua Jordan 4 ili aifungie kabatini, tafadhali soma hapa. Soli yake ya kati ni ya poliyurethani. Povu hilo huharibiwa taratibu na unyevu wa hewa: kwa nje raba inaonekana mpya, lakini ndani povu limeanza kukauka na kukatika, na siku ukiivaa baada ya miaka mingi soli inameguka kama mkate mkavu. Joto na unyevu wa pwani yetu huharakisha jambo hilo. Kuivaa mara kwa mara kunaisaidia, kwa sababu uzito wa mwili husukuma unyevu kutoka kwenye povu. Hizi nne tumezikagua kwa kubonyeza soli kwa kidole gumba kuanzia kisigino mpaka mbele: povu linarudi sawa, hakuna ufa, rangi haijamenyeka. Nunua uvae.

Sasa kuhusu saizi, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza muda na pea yao. Namba 42 si urefu mmoja kwa kampuni zote. Kwenye lebo ya Nike, 42 ni sentimita 26.5. Kwenye Vans, 42 ni sentimita 27. Adidas wao wanatumia theluthi, ndiyo maana hakuna 41 kamili wala 43 kamili kwenye Samba. Usituandikie "mimi navaa 42" peke yake. Chukua raba unayoivaa sasa na inayokukaa vizuri, tazama lebo iliyo ndani ya ulimi, utuandikie jina la kampuni na namba iliyo kwenye mstari wa CM, au mstari wa JP kama ni Adidas. Kama lebo imefutika, pima mguu: jioni, ukiwa umesimama, kisigino kikigusa ukuta, karatasi chini, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima miguu yote miwili, tutumie kipimo cha ule mrefu.

Air Force 1 ni pana na ndefu kidogo. Anayevaa 42.5 kwenye raba nyingine za Nike mara nyingi anakaa sawa kwenye 42. Mzigo wa Juni, wengi walioomba kubadilishiwa Air Force walikuwa wamechukua kubwa kwa nusu saizi. Samba ni kinyume chake: ni nyembamba katikati, mwenye mguu mpana apande hatua moja, kwa mfano kutoka 42 kwenda 42 2/3. Dunk inakaa kwa saizi yako ya kawaida, ila siku za kwanza inabana juu ya vidole mpaka ngozi ilegee.

Kubadilisha kunaruhusiwa ndani ya siku 3 tangu upokee, soli ikiwa haijakanyaga nje na boksi likiwa na lebo yake. Lakini tunaweza kukubadilishia kwa saizi iliyobaki tu. Kama uliyokuwa unaihitaji imeshauzwa, tutakurudishia hela yako yote ndani ya saa 24, ukiondoa nauli ya kutuma. Ndiyo sababu tunasisitiza vipimo vije kabla ya malipo.

Namna ya kununua. Jibu ujumbe huu kwa mstari mmoja: jina la raba, saizi, mahali ulipo. Ujumbe uliotumwa kabla ya saa 4 asubuhi Ijumaa hautapangwa foleni, ili aliye kazini asubuhi asipitwe na aliyekesha. Kuanzia saa 4 tunajibu kwa kufuata muda uliotuma. Tukikujibu "ipo", pea hiyo imeshikiliwa kwa ajili yako saa 2 bila malipo yoyote. Ukilipa, imeuzwa. Saa 2 zikipita kimya, inarudi kwenye hesabu na anayefuata anajulishwa. Hatuchukui nusu ya bei kushikilia pea kwa wiki. Tulijaribu utaratibu huo na matokeo yake yalikuwa raba zinazoonekana zimeisha wakati zipo stoo.

Hesabu ya kila saizi tutaibandika upya hapa Ijumaa na Jumamosi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Pea iliyorudishwa itarudi kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo ukiona 42 ilikuwa 0 mchana na jioni ni 1, kuna mtu amebadilisha au ameacha.

Malipo ni kwa Lipa Namba ya duka, au taslimu dukani Sinza. Kabla hujathibitisha, jina litakalotokea kwenye simu lazima liwe jina la duka. Likitokea jina la mtu, simama, usiweke namba ya siri, tupigie. Hatutumi namba nyingine ya malipo kwa sababu yoyote, hata mtu akikwambia mtandao unasumbua.

Ndani ya Dar bodaboda ni shilingi 5,000, Mbagala na Kigamboni 10,000. Unaruhusiwa kuijaribu mlangoni kabla dereva hajaondoka, basi simama kwenye zulia au juu ya boksi. Mikoani tunatuma kwa basi kutoka Mbezi, shilingi 10,000. Aliyelipia kabla ya saa 10 jioni mzigo wake unaondoka usiku huo, na picha ya risiti ya basi unatumiwa. Zanzibar ni boti ya asubuhi inayofuata, bei hiyohiyo.

Ukipokea, anza kurekodi video kabla ya kukata mkanda. Linganisha namba ya modeli na saizi iliyo kwenye boksi na ile iliyo kwenye lebo ya ulimi, mguu wa kushoto na wa kulia. Kwenye Air Force tazama pia kibati kidogo cha kamba, kimeandikwa AF-1 na '82. Namba zikipishana, usivae, tutumie video hiyo. Gharama ya kurudisha ni yetu.

Dukani tupo saa 4 asubuhi mpaka saa 2 usiku, Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Ijumaa ujumbe wako uwe hivi: "Samba, 41 1/3, Morogoro."