YAH: HALI YA HATARI KATIKA KARAKANA YA USHONI, CHAKE CHAKE

Mheshimiwa Mkaguzi wa Kazi,

Assalamu alaykum. Naandika kwa niaba ya mafundi cherehani 14 wanaoshona sare za skuli katika karakana ambayo mlango wake wa nyuma hufungwa kwa kufuli tangu asubuhi, marobota ya vitambaa yameziba njia ya mbele, na waya wa pasi uliochunika hupita juu ya vipande vya nguo. Mtungi wa kuzimia moto haupo. Mwajiri tumemwandikia, hakujibu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya 2005, tunakuomba ufike bila kumpa taarifa na usitaje waliolalamika, kwani wengi ni kinamama wanaotegemea kazi hii. Kufuli hilo liondolewe mara moja.

Wako mtiifu,
Mwakilishi wa Chama cha Wafanyakazi, Pemba