TAARIFA YA MWEZI YA HUDUMA ZA AFYA, ZAHANATI YA MIBUYUNI: MEI 2025

Zahanati ya Mibuyuni,
5 Juni 2025

Mganga Mkuu wa Wilaya,
Halmashauri ya Wilaya ya Malinyi.

YAH: TAARIFA YA UTOAJI HUDUMA KWA MWEZI MEI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasilisha taarifa ya mwezi Mei. Takwimu zimetolewa kwenye rejesta za MTUHA na zimeshaingizwa kwenye DHIS2. Waliopimwa malaria wamelinganishwa na rejesta ya maabara, na namba zinafanana.

Naomba taarifa hii isomwe kwa kuzingatia jambo moja. Kuanzia wiki ya mwisho ya Aprili kaya nyingi zimehamia bondeni kuamia ndege kwenye mpunga. Mama na watoto wadogo wanalala kwenye madungu, mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa miguu kutoka zahanati. Mabadiliko mengi ya mwezi huu yanatokana na hali hiyo.

1. Takwimu kuu

| Huduma | Aprili | Mei |
|---|---|---|
| Wagonjwa wa nje, jumla | 1,042 | 918 |
| – chini ya miaka 5 | 371 | 402 |
| – miaka 5 na zaidi | 671 | 516 |
| Waliopimwa malaria | 548 | 561 |
| Waliokutwa na malaria | 214 | 281 |
| Malaria kali | 4 | 11 |
| Wajawazito, hudhurio la kwanza | 46 | 38 |
| – kabla ya wiki 12 | 15 | 9 |
| Waliojifungulia zahanati | 29 | 21 |
| Waliojifungulia nyumbani au njiani | 2 | 7 |
| Penta 3 (lengo 44) | 41 | 33 |
| Surua-rubela 1 (lengo 44) | 39 | 30 |
| Surua-rubela 2 | 35 | 22 |
| Wateja wapya wa uzazi wa mpango | 24 | 27 |

2. Wagonjwa wa nje na malaria

Mahudhurio yamepungua kwa wagonjwa 124, sawa na asilimia 11.9. Upungufu huo usitafsiriwe kuwa magonjwa yamepungua. Waliopungua ni watu wazima, ambao wakiwa shambani huvumilia au hununua dawa dukani. Watoto chini ya miaka 5 wameongezeka, na waliokutwa na malaria wamepanda kutoka asilimia 39 ya waliopimwa hadi asilimia 50.

Kupanda kwa malaria mwezi Mei ni kawaida yetu baada ya masika. Kisicho cha kawaida ni malaria kali: wagonjwa 11, wakati Mei 2024 walikuwa 5. Kati ya hao 11, watoto ni 9 na wajawazito ni 2. Wanane walitoka bondeni, na wote wanane walifika wakiwa na homa ya siku tatu au zaidi. Wagonjwa 10 walichomwa sindano ya kwanza ya atesuneti na kupewa rufaa.

Wa kumi na moja, mtoto wa kike wa miaka miwili, tulimpoteza hapa zahanati. Aliletwa kwa bodaboda saa tatu usiku akiwa anadegedeka, wekundu wa damu ukiwa gramu 4.1. Alichomwa atesuneti na kupewa glukosi, lakini alifariki kabla gari la rufaa halijafika. Mama yake alieleza kuwa homa ilianza siku nne nyuma, wakampa parasetamo, na njia ilikuwa na maji. Walikuwa na chandarua kimoja, nacho kilibaki kijijini kufunika vifaranga. Kifo kimeripotiwa siku hiyohiyo kwa simu na fomu imeambatishwa. Tumeomba kikao cha kukijadili kifanyike hapa, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo.

Homa ya mapafu kwa watoto (47) na kuhara (29) vimeshuka kidogo. Hakuna mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na kipindupindu.

3. Wajawazito na uzazi

Waliojifungulia nyumbani au njiani wamefika 7, na 5 kati yao walikuwa bondeni. Taarifa zao tumezipata kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Bila wao tungeona 21 tu na kudhani wajawazito wamepungua. Wanne walionwa ndani ya saa 48. Mmoja aliletwa na trekta la mpunga, kitovu cha mtoto kimefungwa kwa uzi uliochanwa kwenye kitenge, joto la mtoto nyuzi 35.1. Aliwekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na baada ya saa mbili joto likafika 36.6. Wote wawili wanaendelea vizuri.

Waliojifungulia zahanati ni 21: watoto 20 hai, na mmoja alikuwa ameshafariki tumboni kabla mama hajafika. Mama mmoja alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, akadhibitiwa kwa oksitosini. Hakuna kifo cha mama.

Wajawazito wapya wote 38 wamepimwa VVU na kaswende. Mmoja amekutwa na VVU na ameanza dawa siku hiyohiyo. Wenye upungufu wa damu ni 14, idadi inayotutia wasiwasi kwa kuwa msimu wa malaria bado unaendelea.

4. Chanjo

Penta 3 imeshuka kutoka asilimia 93 ya lengo hadi 75. Chanjo hazikupungua stoo, na jokofu limebaki kati ya nyuzi 2 na 8 mwezi mzima. Sababu ni huduma ya mkoba: ya tarehe 8 ilifanyika na kuchanja Penta 3 watoto 11, theluthi ya wote wa mwezi. Ya tarehe 22 haikufanyika kwa sababu maji yalikuwa yamefunika njia. Surua-rubela 2 imeathirika zaidi, kwani mama wengi humwona mtoto wa miezi 18 kuwa ameshamaliza kliniki. Orodha ya watoto waliokosa imegawiwa kwa wahudumu wa jamii kwa kila kitongoji.

5. Huduma nyingine

Uzazi wa mpango umeongezeka kidogo. Wengi walichagua vipandikizi kabla ya kwenda shambani, wasilazimike kurudi kwa sindano. Wateja wa dawa za kufubaza VVU waliotakiwa kufika ni 87, wamefika 79. Kati ya 8 waliobaki, 6 wamepatikana kwa simu na wana dawa za kutosha. Wahisiwa wa kifua kikuu ni 9, aliyethibitika 1.

Makusanyo ya uchangiaji yameshuka kutoka sh. 1,186,000 hadi sh. 942,000, kwa kuwa sehemu kubwa ya waliohudumiwa ni watoto, ambao wana msamaha.

6. Dawa na vitendanishi

Hadi tarehe 31 Mei vipimo vya haraka vya malaria vilibaki 160. Kwa kasi ya Mei ni vya siku tisa. Dawa mseto ya vidonge 6 imebaki pakiti 30. Tumeanza kukata pakiti za vidonge 24 ili watoto wasikose dozi.

7. Maombi

Tunaomba vipimo 600 na dawa mseto ya vidonge 6 pakiti 150 kabla ya tarehe 10 Juni, hata kwa kuhamishiwa kutoka kituo chenye ziada.

Tunaomba mafuta ya pikipiki kwa safari nne za mkoba bondeni, Juni na Julai, mpaka mavuno yaishe. Kila safari itabeba chanjo, kliniki ya wajawazito, na upimaji na matibabu ya malaria. Serikali ya kijiji imekubali kutoa mtumbwi pale njia itakapofunga.

Tunaomba pia vyandarua 60 kwa wajawazito na watoto walioko madunguni.

Nawasilisha.

Mganga Mfawidhi,
Zahanati ya Mibuyuni

Nakala: Mtendaji wa Kijiji, Mwenyekiti, Kamati ya Usimamizi wa Zahanati